Kizidishi cha integrali: kutatua mlinganyo tofautishi wa mstari hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa mtu anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza, awe kidato cha sita au mwaka wa kwanza chuoni. Nachukulia kwamba unajua kutofautisha na kuintegreti funksheni za kawaida, unaikumbuka kanuni ya zao, na huiogopi e wala ln. Zaidi ya hapo huhitaji kitu.

Tuanze na mlinganyo huu:

y' + (2/t)·y = 6

Herufi y ni kiasi kinachobadilika kadiri muda t unavyokwenda, na y' ni kasi ya mabadiliko hayo. Kazi yetu ni kuipata y yenyewe. Jambo la kwanza linalomjia mtu ni kuintegreti pande zote mbili, lakini upande wa kushoto unamkatalia: ndani yake mna y ambayo bado haijulikani, sasa ataiintegreti vipi? La pili ni kukusanya kila chenye y upande mmoja na kila chenye t upande wa pili. Hilo nalo linakwama, maana ukiandika y' = 6 − 2y/t utaona y na t zimeshikana ndani ya kutoa, na hakuna kugawanya kutakakozitenganisha.

Sasa utazame huu wa pili:

t²·y' + 2t·y = 6t²

Huu ni mwepesi, ingawa kwa sura unaonekana mzito kuliko wa kwanza. Kumbuka kanuni ya zao: ukitofautisha t²·y unapata t²·y' + 2t·y. Hicho ndicho kilichoandikwa upande wa kushoto, neno kwa neno. Kwa hiyo mlinganyo wote unaweza kuandikwa hivi:

(t²·y)' = 6t²

Upande wa kushoto sasa ni kitu kimoja kilichotofautishwa. Ukiintegreti, alama ya kutofautisha inaondoka na kinachobaki ni t²·y. Upande wa kulia, 6t² inakuwa 2t³ pamoja na konstanti:

t²·y = 2t³ + C

Gawanya kwa t² na umemaliza:

y = 2t + C/t²

Rudi uilinganishe ile milinganyo miwili. Ukiuzidisha wa kwanza kwa t², unapata wa pili. Ni mlinganyo mmoja, isipokuwa wa kwanza mtu ameugawanya kwa t² na kuficha njia. Hiyo t² iliyoturudishia njia ndiyo kizidishi cha integrali, na mbinu nzima ni kujibu swali moja: nikipewa mlinganyo uliokwisha kugawanywa, nitajuaje ni kitu gani cha kuuzidisha ili upande wa kushoto urudi kuwa zao lililotofautishwa?

Kukipata kizidishi

Mlinganyo wa mstari wa daraja la kwanza, ukishapangwa vizuri, una sura hii:

y' + P(t)·y = Q(t)

P na Q ni funksheni za t peke yake. Katika mfano wetu P ni 2/t na Q ni 6. Zinaweza kuwa na sura yoyote, hata sin t au e kwa kipeo cha t, mradi ndani yake hamna y. Kwa upande wa y masharti ni makali: iwe y tupu na y' tupu. Ukiona y², au y·y', au sin y, mlinganyo huo si wa mstari na mbinu hii haiuhusu.

Kizidishi tunachokitafuta tukiite μ. Zidisha mlinganyo wote kwa μ, upande wa kushoto unakuwa:

μ·y' + μ·P·y

Tunataka hiki kiwe sawa na (μ·y)', ambacho kwa kanuni ya zao ni:

μ·y' + μ'·y

Linganisha mistari hiyo miwili. Sehemu ya kwanza inafanana tayari. Ili sehemu ya pili nayo ifanane, lazima:

μ' = P·μ

Yaani tunatafuta funksheni ambayo kasi yake ya kubadilika ni yenyewe mara P. Funksheni yenye tabia hiyo ni e. Ukitofautisha e kwa kipeo fulani, unapata e ile ile mara kasi ya kile kipeo. Basi tukiweka kwenye kipeo kitu ambacho kasi yake ni P, kazi imekwisha, na kitu hicho ni integrali ya P:

μ = e^(∫P dt)

Watu wengi huukariri mstari huu bila kujua umetoka wapi, kisha wakiusahau kwenye mtihani wanabaki mikono mitupu. Kama utakariri kitu, kariri μ' = P·μ, na sababu yake, kwamba tunataka kanuni ya zao itimie. Mengine utayapata mwenyewe kwa mistari miwili.

Tuujaribu kwa P = 2/t, tukichukua t kubwa kuliko 0. Integrali ya 2/t ni 2 ln t. Kwa hiyo μ = e^(2 ln t). Hapa usikimbie: ile 2 iliyo mbele ya ln hupanda kuwa kipeo ndani ya ln, yaani 2 ln t ni sawa na ln(t²), na e na ln zinafutana. Inabaki t². Ndiyo ile ile tuliyoanza nayo.

Swali ambalo wanaoanza huuliza, na wana haki kuuliza: mbona kwenye ∫P dt hatukuweka konstanti? Kwa sababu hapa haina kazi. Ukiiweka, tuseme 2 ln t + k, kizidishi kinakuwa e^k mara t², yaani t² iliyozidishwa namba fulani. Namba hiyo itaingia pande zote mbili za mlinganyo na kufutika yenyewe. Tunahitaji kizidishi kimoja tu kinachofanya kazi, si vyote, kwa hiyo tunachukua kilicho rahisi. Konstanti yenye maana ni ile ya integrali ya pili, na hiyo ole wako uisahau, kama tutakavyoona.

Hatua zenyewe

Nitazipitia kwa mfano mfupi kabla hatujaingia kwenye kazi kubwa. Tuseme umepewa:

2y' + 6y = 2e^(−t)

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha y' imesimama peke yake, bila namba wala t mbele yake. Hapa mbele yake kuna 2, basi tunagawanya kila neno kwa 2:

y' + 3y = e^(−t)

Sasa tu ndipo una haki ya kusema P ni 3. Ungeisoma kabla ya kugawanya ungedhani ni 6, na kila kinachofuata kingekuwa bure.

Hatua ya pili ni kutafuta kizidishi. Integrali ya 3 ni 3t, kwa hiyo μ = e^(3t).

Hatua ya tatu ni kuzidisha pande zote mbili kwa μ:

e^(3t)·y' + 3e^(3t)·y = e^(3t)·e^(−t) = e^(2t)

Hatua ya nne ni kuukunja upande wa kushoto kuwa zao lililotofautishwa. Huna haja ya kuhangaika hapa, kwani daima utakuwa (μ·y)':

(e^(3t)·y)' = e^(2t)

Ila nakushauri, kwa siku za mwanzo, utofautishe e^(3t)·y pembeni ya karatasi uone kama unarudi kwenye mstari uliotangulia. Usiporudi, kizidishi chako kina kasoro, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko baada ya nusu ukurasa wa hesabu.

Hatua ya tano ni kuintegreti:

e^(3t)·y = ½·e^(2t) + C

Hatua ya sita ni kugawanya kila kitu kwa μ, C ikiwemo:

y = ½·e^(−t) + C·e^(−3t)

Ukiambiwa kwamba y ni 2 wakati t ni 0, weka namba hizo: 2 = ½ + C, basi C ni 1.5. Usipoambiwa, acha C ilivyo.

Kazi halisi: tangi na maji ya chumvi

Mfano uliopita ulikuwa wa kunyoosha mkono. Sasa tuchukue tatizo ambalo bila mbinu hii ni vigumu kuliingia.

Sehemu nyingi za pwani maji ya visima yana chumvichumvi, na watu huyachanganya na maji baridi ndani ya tangi moja. Tuseme una tangi la lita 1000 lenye lita 200 za maji baridi yasiyo na chumvi kabisa. Unafungulia pampu ya kisima inayoingiza lita 30 kwa dakika, na kila lita ina gramu 2 za chumvi. Wakati huo huo bomba la chini liko wazi na linatoa lita 20 kwa dakika. Tunataka kujua kiasi cha chumvi kilichomo tangini kila dakika, na maji yanaanza lini kuwa na ladha mbaya.

Kiasi cha chumvi kwa gramu tukiite y, na muda kwa dakika t. Kasi ya y ni chumvi inayoingia kutoa chumvi inayotoka.

Inayoingia ni rahisi: lita 30 mara gramu 2, yaani gramu 60 kwa dakika.

Inayotoka inataka utulivu. Kwanza, tangi lina lita ngapi wakati wowote? Zinaingia 30, zinatoka 20, hivyo linaongezeka lita 10 kila dakika. Baada ya dakika t lina lita 200 + 10t. Chumvi yote y imesambaa ndani ya lita hizo, kwa hiyo kila lita inabeba gramu y/(200 + 10t). Zinatoka lita 20 kwa dakika, basi chumvi inayotoka ni 20y/(200 + 10t). Gawanya juu na chini kwa 10, unapata 2y/(20 + t).

Mlinganyo wetu:

y' = 60 − 2y/(20 + t)

Kabla ya kuendelea, kagua vizio. Kila neno lazima liwe gramu kwa dakika. 60 ni gramu kwa dakika, na 2y/(20 + t) ni gramu iliyogawanywa kwa dakika, sawa. Makosa mengi ya maswali ya tangi hufanyika hapa kwenye kuunda mlinganyo, hata kabla ya kalkulasi kuanza, na vizio huyafichua upesi. Mtu aliyeandika ujazo kuwa 200 tu, akasahau kwamba unaongezeka, vizio havitamsaidia, lakini atagundua kwamba P yake imekuwa namba tupu isiyo na t wakati tangi linajaa mbele ya macho yake.

Sasa hatua zetu. Lete neno la y upande wa kushoto:

y' + [2/(20 + t)]·y = 60

Alama imebadilika kutoka kutoa kuwa kujumlisha, na P inachukua alama ya hapa, baada ya kuhama. P ni 2/(20 + t), ni chanya.

Integrali yake ni 2 ln(20 + t). Muda t hauwi hasi kwenye tatizo hili, hivyo 20 + t daima ni kubwa kuliko 0 na hatuhitaji alama za thamani kamili. Kizidishi:

μ = e^(2 ln(20 + t)) = (20 + t)²

Zidisha pande zote na ukunje upande wa kushoto:

[(20 + t)²·y]' = 60(20 + t)²

Usiifungue mabano upande wa kulia. Wengi huyafungua, wakapata maneno matatu, wakayaintegreti moja moja, kisha wakahangaika kuyarudisha. Integrali ya (20 + t)² ni (20 + t)³ gawanya kwa 3, basi:

(20 + t)²·y = 20(20 + t)³ + C

Gawanya kwa (20 + t)²:

y = 20(20 + t) + C/(20 + t)²

Mwanzoni hakukuwa na chumvi, yaani y = 0 wakati t = 0. Tukiweka: 0 = 400 + C/400, kwa hiyo C = −160,000. Jibu kamili:

y = 20(20 + t) − 160,000/(20 + t)²

Tuzisome namba. Baada ya dakika 20, 20 + t ni 40: y = 800 − 160,000/1600 = 800 − 100 = gramu 700. Tangi wakati huo lina lita 400, kwa hiyo kila lita ina gramu 1.75. Baada ya dakika 80 tangi limejaa: y = 2000 − 16 = gramu 1984 katika lita 1000. Yaani kila lita ina karibu gramu 2 kamili, kama maji ya kisima chenyewe. Yale maji baridi yameshatoka karibu yote.

Na ladha? Shirika la Afya Duniani linasema maji huanza kutopendeza kinywani yanapozidi takriban miligramu 1000 za madini yaliyoyeyuka kwa lita, yaani gramu 1. Tugawanye y kwa ujazo, ambao ni 10(20 + t), tupate chumvi kwa lita:

2 − 16,000/(20 + t)³

Tukitaka iwe 1, lazima (20 + t)³ iwe 16,000. Kipeuo cha tatu cha 16,000 ni kama 25.2, kwa hiyo t ni kama 5.2. Dakika tano tu na ushei! Ndani ya tangi mna lita 252 wakati huo, na macho hayaoni tofauti yoyote. Mimi ningekisia robo saa.

Jibu hili limesimama juu ya dhana moja tuliyoipitisha kimyakimya: kwamba chumvi inayoingia inasambaa tangini papo hapo. Ndiyo iliyoturuhusu kuandika y/(200 + 10t). Kwenye tangi halisi maji ya chumvi ni mazito kidogo na hupenda kuzama, na kama bomba la kutolea liko chini, yanayotoka kwanza yatakuwa na chumvi kuliko hesabu inavyosema. Hesabu haina kosa hapo. Ni dhana iliyoachana na tangi.

Baada ya dakika 80

Jibu letu lina mwisho wa matumizi. Ukiweka t = 100 utapata namba nzuri tu, lakini haina maana, maana tangi la lita 1000 haliwezi kubeba lita 1200. Dakika ya 80 maji yanaanza kumwagika juu, lita 10 kwa dakika, pamoja na zile 20 za bombani. Jumla zinatoka 30, ujazo unasimama kwenye 1000, na mlinganyo unabadilika. Tuhesabu muda upya kuanzia hapo, tuuite s:

y' = 60 − 30y/1000, yaani y' + 0.03y = 60

P sasa ni 0.03 na kizidishi ni e^(0.03s). Zidisha: (e^(0.03s)·y)' = 60e^(0.03s). Integreti: e^(0.03s)·y = 2000e^(0.03s) + C. Gawanya: y = 2000 + C·e^(−0.03s).

Konstanti hii si ile ya kwanza. Inapatikana kutokana na hali ya tangi dakika lilipojaa, gramu 1984, kwa hiyo C = −16. Upungufu wa gramu 16 unapungua taratibu, ukifika nusu baada ya kama dakika 23, na y inakaribia 2000 bila kuivuka. Huu wa pili, kusema kweli, ungeweza kutatuliwa pia kwa kutenganisha y na muda, kwa sababu P na Q zote ni namba tupu. Ule wa kwanza usingekubali.

Panapoharibika, na jinsi ya kujua

Kosa ninaloliona kuliko yote ni la hatua ya sita. Mtu anagawanya vizuri sehemu ya kwanza kwa μ, kisha anaiacha C ikining'inia bila kugawanywa, au anaiandika mwishoni kabisa kama kitu alichokikumbuka mlangoni. Kwenye tangi letu angepata y = 20(20 + t) + C, kisha C = −400, na jibu y = 20t. Linapendeza kwa macho, tena linatoa 0 mwanzoni kama inavyotakiwa, kwa hiyo haoni sababu ya kulitilia shaka.

Dawa ni kulirudisha jibu kwenye mlinganyo wa awali. Kama y = 20t, basi y' ni 20 daima. Lakini mlinganyo unasema y' ni 60 − 2y/(20 + t), ambayo mwanzoni, y ikiwa 0, ni 60. Ishirini si sitini, jibu limekufa. Ukaguzi huu ni wa mstari mmoja.

Tulifanyie na jibu letu sahihi. Kasi ya y = 20(20 + t) − 160,000/(20 + t)² ni 20 + 320,000/(20 + t)³. Upande wa pili, 60 − 2y/(20 + t) ni 60 − 40 + 320,000/(20 + t)³. Zinafanana kwa kila t, si mwanzoni tu. Ikifika hapo unaweza kuweka kalamu chini.

Kosa la pili ni kuzidisha upande wa kushoto kwa μ na kuusahau wa kulia. Dalili yake ni kwamba hatua ya tano inakuwa rahisi kupita kiasi: kwenye tangi ungebaki unaintegreti 60 tu. La tatu ni kuandika e^(2 ln t) kuwa 2t badala ya t². Hili hujifichua lenyewe ukiufanya ule ukaguzi wa hatua ya nne: ukitofautisha 2t·y unapata 2t·y' + 2y, lakini ukizidisha mlinganyo kwa 2t unapata 2t·y' + 4y. Havilingani, basi kizidishi ni kibovu.

Na la alama: kwenye y' − 3y = t, P ni hasi 3 na kizidishi ni e^(−3t). Ukiweka e^(3t) upande wa kushoto hautakunjika kamwe.

Integrali ikikataa

Mbinu hii inakupeleka hadi kwenye integrali ya μ·Q, lakini haikuahidi kwamba integrali hiyo itafunguka. Chukua mlinganyo huu, wenye y = 0 wakati t = 0:

y' − 2t·y = 1

P ni −2t, integrali yake ni −t², kizidishi ni e^(−t²). Tunazidisha na kukunja:

(e^(−t²)·y)' = e^(−t²)

Na hapa hakuna njia. Integrali ya e^(−t²) haina jibu linaloweza kuandikwa kwa funksheni za kawaida. Hilo limethibitishwa, kwa hiyo usikeshe ukiitafuta. Unachofanya ni kuiacha kama integrali yenye mipaka, kuanzia 0, ambako y inajulikana, hadi t:

y = e^(t²) · ∫ kutoka 0 hadi t ya e^(−s²) ds

Tumeandika s ndani ili isichanganyike na t ya mpaka wa juu. Kwa kuanzia pale y ilipo 0, konstanti imeshashughulikiwa na hakuna C ya kutafuta. Hili ni jibu kamili, na linatoa namba ukilihitaji. Kwa t = 1, integrali ile inakokotolewa kwa kanuni ya trapeza au kwa kikokotoo cha kisayansi na kutoa takriban 0.7468. Izidishe kwa e, ambayo ni 2.7183, na y inakuwa takriban 2.03.